Jikokoa au jiko la gesi: hesabu ya kilo kwa kilo

"Nina jiko la mkaa la Jikokoa, huu ni mwaka wake wa pili, na tuko watu 5 nyumbani. Nilipima kwa mwezi mzima nikakuta tunachoma wastani wa kilo 1.2 za mkaa kwa siku. Kisha niliazima jiko la gesi la vichomeo viwili na mtungi wa kilo 6, nao ukatufikisha siku 17, ila nafaka kavu, ambazo tunapika mara 2 kwa wiki, niliendelea kuzichemsha kwa mkaa. Ninakoishi, kilo moja ya gesi inauzwa kwa bei ya kilo 2.5 za mkaa, na kununua jiko la gesi pamoja na mtungi ni sawa na bei ya kilo 110 za mkaa. Je, nihamie kwenye gesi? Jirani anasema gesi ya chapa fulani haiishi haraka. Pia naona majiko mengine ya mkaa yameandikwa kwamba yanaokoa nusu ya mkaa; au nibadili chapa tu?"

Umenirahisishia kazi, kwa sababu wengi huniuliza swali hili bila hata kipimo kimoja mkononi. Nianze na jirani yako, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na kilo moja ya mchanganyiko huo hutoa joto la karibu megajuli 46, iwe mtungi ni wa rangi hii au ile. Propeni na buteni zenyewe hazipishani kwa kiasi ambacho mpishi anaweza kukigundua. Kilo ni kilo.

Mtu anayesema gesi ya chapa fulani "inakaa" huwa ameona jambo la kweli lakini amelitafsiri vibaya. Mara nyingi ni kwamba mtungi mmoja ulijazwa kikamilifu ilhali mwingine ulipungua. Mwenyewe niliwahi kuulaumu moto wa jiko langu kwa wiki mbili, mpaka nilipoweka mtungi uliofuata kwenye mizani siku ile ile ulipofika nyumbani, nikakuta umepungua karibu gramu 700. Uzito wa mtungi mtupu hugongwa kwenye kola ya chuma inayozunguka vali. Ukiutoa kwenye uzito ulioupata kwenye mizani, kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia. Sababu nyingine ni baridi. Buteni huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sifuri za selsiasi, ilhali propeni huendelea kuchemka hata kwenye baridi kali, kwa hiyo mahali penye baridi mtungi wenye buteni nyingi hufifisha moto mapema na kuonekana umeisha wakati bado una kitu ndani. Kwa hiyo, chapa ya mtungi ichague kwa vigezo viwili tu: kama unaweza kuubadilisha karibu na nyumbani, na kama unafika na uzito wake kamili.

Chapa ya jiko la gesi ina uzito kidogo zaidi, ingawa si kwa namna ambayo matangazo yanavyotaka uamini. Geuza jiko, au fungua kitabu chake, utakuta kibao kinachotaja nguvu ya kila kichomeo kwa kilowati. Kila kilowati moja hula karibu gramu 73 za gesi kwa saa moja ya moto kamili. Hivyo kichomeo kikubwa cha kilowati 3 hula gramu 218 kwa saa, cha kati cha kilowati 1.75 hula gramu 127, na kidogo cha kilowati 1 hula gramu 73. Hesabu hiyo haibadiliki kwa chapa yoyote, kwa kuwa inatokana na gesi yenyewe. Kinachobadilika ni kiasi cha joto kinachoingia kwenye sufuria badala ya kupanda pembeni yake, na hapo majiko mengi yaliyo mazima hukaribiana, kwenye asilimia 50 hadi 60 katika mapishi ya kawaida.

Ukikuta boksi moja limeandikwa 52 na jingine 68, usikimbilie lile la pili. Kiwango cha Ulaya cha EN 30 hudai angalau asilimia 52, na kile cha India cha IS 4246 hudai angalau 68, lakini namna ya kupima haifanani, ikiwamo upana wa sufuria inayotumika, na sufuria pana hukusanya joto zaidi. Namba mbili zilizopimwa kwa taratibu mbili hazilinganishwi. Mimi dukani ningeangalia kama jiko lina kichomeo kidogo cha kilowati 1, na kama kinaweza kushushwa hadi moto mdogo kabisa bila kuzimika. Jiko la kichomeo kimoja kinachofungwa moja kwa moja juu ya mtungi ni rahisi kununua, lakini moto wake hushuka kwa shida na upepo huupiga kila upande, hivyo ndilo ambalo mara nyingi humaliza mtungi kabla ya muda uliotarajiwa.

Sasa majiko ya mkaa, ambako tofauti ya jiko na jiko ni kubwa kweli. Jiko la bati tupu hupeleka kwenye sufuria karibu asilimia 20 ya joto la mkaa, au zaidi kidogo. Jiko lenye kikombe cha udongo ndani, ambalo asili yake ni jiko la ndoo la Thailand lililofanyiwa marekebisho nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hufika karibu 30. Majiko ya kiwandani kama Jikokoa, na yale ya mkaa ya Envirofit na EcoZoom, yamejengwa kwa wazo moja: chumba cha moto kidogo chenye ukuta unaozuia joto lisitoke, na mlango mmoja wa hewa unaoweza kubanwa. Jikokoa kwenye maabara hufika kwenye asilimia 40 na kitu. Mkaa huungua kwa kadiri ya hewa unayoupa, na jiko linalokuruhusu kuinyima hewa ndilo linalokuruhusu kuokoa.

Ndiyo maana yale maneno ya "nusu ya mkaa" yanaweza kuwa kweli na bado yasikusaidie. Ukitoka jiko la asilimia 20 kwenda la 40, mkaa unapungua kwa nusu. Ukitoka jiko la udongo la asilimia 30 kwenda hilo hilo la 40, unaokoa robo. Ukitoka Jikokoa kwenda jiko jingine la kundi lake, hutaokoa chochote cha kuhesabika. Hata nje ya maabara mambo hukaribia hapo: utafiti mmoja uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 2022 uliona familia zilizopata Jikokoa zikipunguza matumizi ya fedha za mkaa kwa karibu asilimia 39, nazo zilikuwa zimetoka kwenye majiko ya kawaida. Wewe faida hiyo umeshaichukua tangu ulipoanza kutumia Jikokoa, kwa hiyo suala la kubadili chapa ya jiko la mkaa tuliache hapo, isipokuwa lako limechakaa. Dalili zake ni mlango usiofunga sawasawa, ufa unaopita ukuta wa ndani, au vishikio vya sufuria vilivyopinda kiasi kwamba sufuria imeinuka juu ya moto na joto linatoroka katikati. Funga mlango kabisa huku mkaa ukiwa mwekundu. Usipoona moto ukififia baada ya dakika kumi hivi, kuna mahali hewa inaingia.

Tubaki basi na gesi dhidi ya Jikokoa. Kwenye karatasi, kilo ya gesi yenye megajuli 46, kwenye jiko la asilimia 55, hufikisha megajuli 25 ndani ya sufuria. Kilo ya mkaa mkavu ina megajuli 28 hivi, na kwa asilimia 40 hufikisha megajuli 11. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu kilo 2.25 za mkaa. Kwa kuwa kwako gesi inauzwa kwa bei ya kilo 2.5 za mkaa, mtu angekuambia mara moja kwamba utapata hasara.

Lakini vipimo vyako vinasema vingine. Mtungi wa kilo 6 kwa siku 17 ni gramu 353 kwa siku. Ukilinganisha na kilo 1.2 za mkaa, kilo ya gesi imefanya kazi ya kilo 3.4, na kwa bei yako gharama ya siku ingeshuka hadi sawa na kilo 0.88 za mkaa, yaani zaidi ya robo ingeokolewa. Hapo ndipo watu wengi hufunga daftari na kwenda dukani. Wewe ulikuwa mkweli ukataja nafaka, na nafaka zinabadilisha jibu.

Katika siku 17 ulizipika kama mara 5. Tuseme sufuria ina lita 5 za maji. Kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 25 hadi kuchemka kunahitaji megajuli 1.6, ambazo ni gramu 62 za gesi. Pamoja na nafaka zenyewe na sufuria, weka gramu 70. Kisha saa 2 kwenye kichomeo kidogo, gramu 146. Jumla ni kama gramu 215 kwa kila mpiko, na kwa mara 5 ni kilo moja na gramu chache. Kwa hiyo kazi yote ya jikoni kwako ingekula kilo 7 za gesi kwa siku 17 badala ya 6, yaani gramu 415 kwa siku. Sasa uwiano unashuka hadi 2.9, na gharama ya siku ni sawa na kilo 1.04 za mkaa. Akiba yako ni ya gramu 160 za mkaa kwa siku. Ukigawa kilo 110 za vifaa kwa akiba hiyo, unahitaji siku 690 hivi, karibu miezi 23, kabla jiko na mtungi havijajilipa. Hesabu ya kwanza, ile isiyo na nafaka, ingekuambia miezi 11.

Utauliza kama basi uweke gesi kwa mapishi ya haraka na uache Jikokoa ichemshe nafaka, kama ulivyofanya wakati wa majaribio. Nimelipigia hesabu hilo pia. Ikiwa kila mpiko wa nafaka unakula gramu 600 za mkaa, hizo ni gramu 176 kwa siku ukizitandaza, na jumla inakuwa sawa na kilo 1.06. Ni kitu kimoja na kutumia gesi pekee. Chagua kwa urahisi wako, si kwa fedha.

Namba ya kuandika ukutani ni 2.9. Huo ndio mpaka wa jikoni kwako: bei ya kilo ya gesi ikiwa chini ya kilo 2.9 za mkaa, gesi ina nafuu ya mafuta. Ikipita hapo, mkaa ndio nafuu. Bei ya gesi ikishuka hadi kilo 2 za mkaa, utaokoa asilimia 31 na vifaa vitajilipa ndani ya miezi 10. Angalizo moja tu: mkaa huuzwa mara nyingi kwa ujazo, na mkaa wenye unyevu au vumbi hudanganya. Pima uzito wa ujazo unaonunua kila mara, wala usiweke kwenye hesabu uzito wa mwaka jana.

Kwa nini jikoni kwako uwiano ni 2.9 ilhali karatasi inasema 2.25? Tofauti hiyo ni mkaa unaoungua bila sufuria juu yake, na ndiyo sehemu ambayo unaweza kuifanyia kitu kesho asubuhi. Ili kuchemsha lita 5 zile, Jikokoa inahitaji gramu 140 tu za mkaa, lakini hakuna anayewasha gramu 140. Unajaza chumba, unasubiri moto ushike kwa robo saa huku joto likienda hewani, unapika, na ukimaliza kuna makaa mekundu yanayoendelea kujiunguza mpaka yawe majivu. Gesi haina mwanzo wala mkia huo.

Mkia unaweza kukatwa. Tafuta mkebe wa bati mnene wenye mfuniko unaobana, uuweke nje mbali na kitu chochote kinachoweza kushika moto, na mara tu unapomaliza kupika, hamisha makaa kwa koleo ufunike. Yanazimika kwa kukosa hewa, na kesho yanawaka kwa urahisi kuliko mkaa mpya. Usimwagie maji, mkaa uliolowa hula joto lake mwenyewe kwa kujikausha. Pia mimina mkaa kwa kipimo cha mpiko huo, si mpaka chumba kijae. Mpiko wa kuchemsha maji haustahili kiasi kile kile cha mpiko wa nafaka.

Jambo la pili ni mfuniko, nalo ni la majiko yote mawili. Maji yakishachemka hayawezi kupanda joto hata ukiyapa moto mara tatu. Yanageuka mvuke tu, na lita moja ikigeuka mvuke imebeba megajuli 2.26, ambazo ni nyingi kuliko zile zilizochemsha lita zako 5 zote. Kwa gesi ni gramu 90 zilizopanda darini. Dalili ni rahisi: ukilazimika kuongeza maji kwenye nafaka mara mbili au tatu, umekuwa ukilipia mvuke. Funika, bana mlango wa Jikokoa mpaka maji yaonyeshe mapovu machache tu ya pembeni, na nafaka zitaiva kwa muda ule ule.

Nayasema haya kwa sababu yanagusa uamuzi wako moja kwa moja. Ukishusha matumizi kutoka kilo 1.2 hadi kilo 1.0 kwa siku, na kwa mkebe na mfuniko hilo linawezekana, gesi kwa kilo 1.04 haina tena nafuu yoyote ya fedha kwako kwa bei ya leo. Maoni yangu, ukiniuliza kwa fedha peke yake: usinunue bado. Kama sababu yako ni muda wa asubuhi, au jiko liko ndani ya nyumba na kuna mtoto mdogo au mtu mwenye pumu, basi nunua la vichomeo viwili, kimoja kikiwa cha kilowati 1, na usijidanganye kwamba unanunua kwa ajili ya kuokoa.

Hilo la ndani ya nyumba si la kupita haraka. Jiko banifu la mkaa, hata lisilotoa moshi wa kuonekana, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na ukilibana mlango ili kuokoa mkaa huzidi kuitoa. Kwa hiyo ule ujuzi wa kubana hewa ni wa jiko lililo nje au mahali panapopitisha hewa wazi, na kamwe jiko, wala mkebe wa makaa, visilale chumbani. Mtu akipata kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu karibu na jiko la mkaa, mtoe nje kwenye hewa safi papo hapo. Asipopata nafuu haraka, akiwa amechanganyikiwa au amezimia, au akiwa ni mjamzito au mtoto mdogo, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Kwa upande wa gesi, fundi anahitajika katika hali mbili. Moto ukiwa wa njano na sufuria zikaota masizi, gesi haichanganyiki vizuri na hewa. Safisha kwanza matundu ya kichomeo, na yakiwa safi na njano ikabaki, huenda kitundu cha kutolea gesi kimeziba, au jiko liliwekewa kitundu cha aina nyingine ya gesi, au regulata hailingani na jiko. Hicho kitundu usikitoboe kwa sindano, kwa sababu kikipanuka kidogo tu ulaji wa gesi unabadilika na moto unaharibika zaidi. Hali ya pili ni harufu ya gesi: funga vali ya mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa, toka nje kwanza, na fundi aangalie mpira na regulata kabla ya kuwasha tena. Uvujaji mdogo usiofikia kunukia utauona ukipaka povu la sabuni kwenye maungio huku vali ikiwa wazi na moto umezimwa. Mapovu yakivimba, umepata pia sababu mojawapo ya mtungi "usiokaa".

Fanya jaribio la mkebe na mfuniko kwa siku 14, ukipima mkaa kila asubuhi kabla ya kuwasha na kutoa uzito wa makaa yaliyozimwa jana. Wastani ukibaki juu ya kilo 1.1, gesi bado ina hoja. Ukishuka hadi kilo 1.0, subiri bei ya gesi ishuke.